Namba Iliyo Karibu na Jina

Jumamosi ile saa tatu asubuhi picha iliingia kwenye grupu letu la WhatsApp, kama ilivyoingia kila Jumamosi kwa wiki sita. Ukurasa wa michezo wa gazeti la Kiarabu, umetandazwa juu ya meza ya kafeteria huko Muhaisnah, pembeni kikombe cha chai ya karak na kidole gumba cha Rafiq kikizuia karatasi isipeperushwe na feni. Chini ya picha ikafuata sauti yake, imejaa furaha:

"Jamani, Hudhud tumepita. Ghazal moja, Mawj tatu. Nusu fainali Jumamosi ijayo, inshallah. Msiseme Ustadh hakuwaambia."

Grupu lilichemka. Watu waliokuwa wamening'inia kwenye kamba za kusafishia vioo huko Silicon Oasis walituma picha za ngumi na mioyo, sijui walishika simu kwa mkono upi. Mimi nilikuwa stoo, Al Qusais, nikipanga madumu ya dawa ya sakafu. Nilishangilia na wenzangu. Halafu nikachukua chaki niandike matokeo kwenye ubao wetu ulio mlangoni mwa stoo, na hapo ndipo nilipojiharibia siku.

Niseme kwanza mimi ni nani. Naitwa Edna, mtunza stoo wa kampuni ya usafi huku Uarabuni, na katibu wa timu yake kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuandika. Nina tabia moja ambayo mama yangu aliichukia na mabosi wangu wanaipenda. Siwezi kuiacha namba ikae tu. Nikiandika kwamba mopu thelathini zimetoka, lazima nijue thelathini zimeenda wapi.

Ligi yenyewe ni ya wafanyakazi wa makampuni. Kundi letu lina timu nne, na waandaaji wamezipa majina ya Kiarabu wenyewe: Hudhud ndiyo sisi, halafu Saqr, Ghazal na Mawj. Kila timu inacheza na kila mwenzake mara mbili, mbili za juu zinaingia nusu fainali. Matokeo yanatoka gazetini, kwenye gazeti la Kiarabu tu. Ofisi ya ligi hufungwa Jumamosi na Jumapili, na barua zao za Kiingereza zinakuja Jumatatu, kila mtu akiwa ameshasahau. Kwa hiyo tunamtegemea Rafiq.

Rafiq ni dereva wa basi letu, mtu wa Malindi, amesoma madrasa. Kabla ya ligi alikuwa Rafiq tu. Siku aliposoma gazeti la kwanza mbele ya basi zima, akitaja "Al-Hudhud" kwa koo linalostahili, mtu mmoja kutoka viti vya nyuma akamwita Ustadh, na jina likaganda. Nilimwona akibadilika. Akaanza kupiga pasi shati.

Sasa, Ijumaa jioni sisi tulikuwa tumetoka sare na Saqr, moja kwa moja. Hilo tulilijua wenyewe. Tulikuwa na pointi nane, tukafikisha tisa. Nafasi moja Saqr walikuwa wameshaichukua. Ghazal walikuwa na saba na walikuwa wanacheza muda huohuo na Mawj, kwenye uwanja mwingine. Wakishinda wanakuwa na kumi, sisi kwaheri. Wasiposhinda, tunapita. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na jibu lake lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye kidole gumba kwenye picha.

Na kulikuwa na Kasian.

Kasian ni kipa wetu, msimamizi wa wasafishaji wa majengo mawili ya Silicon Oasis, mtu wa Mbinga, mpole hadi unataka kumtikisa. Likizo yake ilikuwa inaanza kesho yake, Jumapili. Tiketi ya kampuni ilikuwa tayari: ndege ya asubuhi hadi Dar, basi hadi Songea, kisha Mbinga. Hakuwa amefika nyumbani miaka miwili na nusu. Binti yake Auleria alikuwa anapokea komunyo ya kwanza Jumapili ya wiki ile iliyokuwa inakuja. Gauni alikuwa amelinunua yeye mwenyewe hapahapa Al Qusais, akalileta stoo nimtazamie kama mishono ni imara, kwa sababu kule bwenini wanaume wenzake wasingejua kitu.

Lakini meneja alikuwa ametoa amri. Alilitamani kombe lile kuliko alivyotamani kusaini mikataba. Amri ilikuwa imebandikwa kwenye lifti: hakuna mchezaji atakayekwenda likizo wakati timu ingali mashindanoni. Nusu fainali ilikuwa Jumamosi ijayo, komunyo Jumapili yake. Na tiketi ya kampuni ikishafutwa, hairudi kwa kuomba radhi. Nafasi ya likizo anapewa anayefuata kwenye orodha, na wewe unasubiri wiki mbili fomu mpya izunguke.

Ofisi ya utumishi Jumamosi hufungwa saa nane mchana. Baada ya sauti ya Rafiq, madam Angella wa utumishi, Mganda mwenye haraka zake, aliandika kwenye grupu: "Hongereni sana. Kasian, njoo kabla ya saa nane usaini tubadilishe tiketi. Pole, lakini ndiyo hivyo." Kasian akajibu neno moja: "Sawa."

Wengine wakamtania. Walikuwa na lao. Bao la Saqr la kusawazisha lilikuwa limeingia dakika ya themanini na tisa, mpira wa polepole, ukapita chini ya mkono wake wa kulia. Tungeshinda, tusingehitaji Ghazal wala Mawj. Usiku wa Ijumaa mtu mmoja alikuwa ameandika, bila hata kucheka, "Kipa ana ndege Jumapili, mnategemea nini?" Na hakuna aliyemkemea, hata mimi. Sasa tumepita, utani ukawa wa amani. "Kasian umesamehewa," waliandika. "Komunyo itakungoja."

Haya, chaki mkononi. Ubao wangu una safu kama za gazeti, ila kwa Kiswahili. Rafiq ndiye aliyenisaidia kuzinakili wiki ya kwanza. Gazetini, juu ya kila safu kuna herufi moja tu: lam ni mechi zilizochezwa, fe ni za kushinda, te sare, khe kufungwa. Halafu kuna "lahu", mabao yao, na "alayhi", mabao waliyofungwa. Mwishoni kabisa kushoto, nuni, pointi. Unaanzia kulia, jina la timu, unakwenda kushoto hadi kwenye pointi. Namba zenyewe ni zile za Kiarabu, ambazo nilijifunza peke yangu kwa kutazama noti za dirham: tano yao ni duara kama sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta.

Jedwali la siku hiyo lilikuwa la zamani. Kwenye safu ya lam kila timu ilikuwa na tano, maana yake mechi za Ijumaa hazikuwahi kuingia, gazeti lilishakwenda mtamboni. Matokeo ya Ijumaa yalikuwa yamesukumwa kwenye kisanduku kidogo chini, mistari miwili. Basi nikaona nijaze mwenyewe. Hudhud, bao moja zaidi lahu, moja zaidi alayhi. Ghazal, ongeza moja, ongeza matatu. Mawj, ongeza matatu.

Mawj walikuwa na mabao mawili.

Nilisimama. Mechi tano, mabao mawili, pointi moja, nayo waliipata kwetu, siku tuliyocheza kama tumekunywa sabuni. Timu ya namna hiyo imewafunga Ghazal matatu? Inawezekana. Mpira ni mpira. Lakini kichwa changu kikaanza kuwasha, na kikishaanza hakinyamazi.

Nikaikuza picha. Labda tatu ile ilikuwa mbili. Namba zao hizo mbili hutofautiana kwa jino moja tu juu, na picha ya Rafiq ilikuwa na ukungu wa karak. Hapana, meno yalikuwa kamili, ilikuwa tatu. Moja ilikuwa moja, kijiti kilichosimama. Nikaijaribu ile programu ya simu ya kutafsiri. Ikanitolea mchuzi: "Swala wimbi 1 3 jana jioni uwanja." Nikashukuru kwa swala na wimbi, maana ya Ghazal na Mawj, nikaifunga.

Basi nikautazama mstari kama ninavyotazama lebo ya dumu. Majina siwezi kuyasoma, lakini kwa wiki sita nimeyazoea sura. Ghazal lina nukta mbili juu, moja hapa na moja pale, zimeachana. Mawj lina nukta moja chini, karibu na mwisho. Kulia kabisa kwa mstari alikaa Ghazal. Kushoto kabisa, Mawj. Katikati, namba mbili na kistari. Tatu ilikuwa upande wa Ghazal. Moja ilikuwa upande wa Mawj.

Nikajiambia, Edna, usijifanye mjuaji. Huenda kwao ndivyo. Huenda namba zinavuka. Kuna mtu hapa amesoma madrasa na wewe umesoma noti za dirham.

Ila swali lilikuwa linapimika, na mimi ni mtu wa vipimo. Ningehitaji tu mechi ambayo matokeo yake nayajua bila gazeti. Mechi yetu ya Ijumaa haikusaidia: moja kwa moja, uisome kutoka kulia, uisome kutoka kushoto, uisome umelala. Hapo ndipo kosa lilipojificha, kama lilikuwepo. Nikapanda juu kwenye grupu, wiki baada ya wiki, kupita hongera na misiba na tangazo la mtu anayeuza baiskeli.

Wiki ya pili tulifungwa na Saqr manne bila. Siwezi kuisahau, nilikuwa uwanjani. Kwenye picha, jina letu liko kulia. Na namba iliyoshikana na jina letu ni nukta. Nne iko kule kwa Saqr.

Wiki ya nne tuliwafunga Ghazal mbili moja. Safari hiyo jina letu liko kushoto, wao walikuwa wenyeji. Na namba iliyo kushoto, iliyoshikana nasi, ni mbili.

Nilikaa juu ya dumu. Kila namba ilikuwa imekaa na mwenyewe, karibu na jina lake, pande zote mbili. Kama ndivyo, basi Ghazal wameshinda tatu moja, wana pointi kumi, na sisi tumetoka. Na Kasian alikuwa njiani anakuja kusaini asiende kwa mtoto wake kwa ajili ya mechi ambayo hatuna.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nikampigia Rafiq, hakupokea, maana akiendesha hapokei, na hilo ni jema. Kasian sikumpigia. Niseme ukweli, niliogopa. Ningemwambia nini? Kwamba mwanamke wa stoo asiyejua alifu amemzidi Ustadh?

Basi lilifika saa saba kasoro, baada ya adhuhuri, kuchukua vifaa vya zamu ya jioni. Kasian alishuka wa kwanza, akanipa mkono, akauliza habari za kazi, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango. Hakupanda ofisini kwa madam, juu ya stoo. Alikaa tu, mikono katikati ya magoti, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Rafiq alishuka nyuma yake, shati limenyooka, anaimba kidogo.

"Dada Edna, mbona ubao haujajazwa? Watu wataka kuona."

"Ustadh, njoo ndani kidogo. Nifundishe kitu."

Akaja. Nikamwonyesha mstari. "Hapa umesomaje?"

"Ghazal, Mawj," akasema, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto. Halafu kidole kikaruka juu ya namba, kikashuka upande wa kushoto na kurudi kulia. "Moja, tatu."

"Kwa nini namba umezianzia kushoto?"

Akacheka kwa upole, ule upole wa mwalimu. "Dada yangu, maneno ya Kiarabu yasomwa kulia kwenda kushoto. Lakini namba yasomwa kushoto kwenda kulia. Kumi na mbili kwao yaandikwa vivyo hivyo, moja kushoto, mbili kulia. Ndivyo tulivyofunzwa. Hata aya ya mia na kumi waisoma hivyo."

Na alisema kweli. Hilo ndilo lililonikera, kwamba alisema kweli tupu. Namba moja, ikiwa na tarakimu mbili au tatu, inasomwa hivyo. Lakini hizi zilikuwa namba mbili, kila moja na bwana wake, na yeye alizisoma kama namba moja.

Sikubishana. Nikamwonyesha wiki ya pili. "Hii ni mechi gani?"

"Sisi na Saqr. Walituadhibu manne."

"Isome kama ulivyosoma hii ya leo."

Kidole kikatoka kulia kwenda kushoto: Hudhud, Saqr. Kikaruka, kikashuka kushoto. "Nne..." akasema, "...nukta." Hudhud nne, Saqr sifuri. Nikamwekea wiki ya nne. Hiyo hakuisoma kwa sauti.

"Siku zile ulikuwa uwanjani," nikamwambia. "Ulishajua matokeo. Hukusoma, ulikumbuka."

Alikaa kwenye dumu nililokuwa nimekalia mimi. Nilitegemea akasirike, na nilikuwa nimejiandaa kukasirika naye. Lakini alisema, kwa sauti ndogo:

"Gazeti halina irabu, Edna. Wajua hilo? Msahafu una irabu, kila herufi imeshikwa mkono. Gazeti ni mifupa mitupu. Haya majina manne nayajua kwa sababu nilimuuliza mtu siku ya kwanza. Yaliyobaki nayatazama tu. Mimi niliishia juzuu amma, ile ya wanaoanza. Baba alinitoa madrasa nikauze maji." Akapangusa uso. "Hawa waliniita Ustadh, na mimi nikanyamaza."

Nilimwonea huruma, na nilimpenda zaidi kuliko siku zote alizopiga pasi. Lakini ilikuwa saa saba na nusu.

"Kuna mtu wa kutuhakikishia?"

"Yupo." Alisimama, akaitazama saa, akatoka.

Pembeni yetu kuna kliniki ya meno, na mapokezi yupo Mawadda, dada wa Kisudani anayetugawia maji baridi. Wiki sita alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye ubao wangu na hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu kumuuliza kungekuwa kumvua Rafiq jina. Nilimwona kupitia kioo. Rafiq aliinama juu ya kaunta, akamwonyesha simu. Mawadda alitazama mara moja tu, kama mtu anavyotazama saa ukutani, akasema kitu, akarudi kwenye kompyuta yake. Hata sekunde tano hazikufika.

Rafiq alirudi akitembea polepole. "Ghazal tatu, Mawj moja," akasema. "Yeye ashangaa ni nini cha kuuliza. Na hapa chini, nilipodhani ni ratiba yetu ya nusu fainali, hakuna jina la timu. Ameniambia ile alama kama ya kuzidisha ni mechi bado kuchezwa. Yasema wa kwanza wa kundi hili na wa pili wa kundi lile, basi."

Kasian alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Nilifikiri atafurahi. Niliwaza mtu akisikia kwamba atakwenda kumwona mwanawe, uso utafunguka. Wake ulijikunja.

"Kwa hiyo tumetoka," akasema.

"Tumetoka," nikamwambia. "Na wewe unakwenda nyumbani, Kasian. Panda juu umwambie madam asifute kitu."

Hakusogea. "Dada Edna, unajua watasema nini."

Nilijua. Rafiq alijua. Tungekuwa tumepita, bao la dakika ya themanini na tisa lingekuwa kichekesho. Sasa lilikuwa ndilo lililotutoa. Na kipa anapanda ndege kesho yake asubuhi, na gauni jeupe kwenye begi. Angeishi na hilo akirudi, kwenye basi, kwenye bweni, kwenye kamba za vioo. Watu kumi na wawili chumba kimoja si mchezo.

"Asubuhi nilikuwa nimesamehewa," Kasian akasema. "Nilikuwa nimeshajipanga. Nimempigia mke wangu nimemwambia siji. Amelia, amenyamaza, yamekwisha. Ungeniacha hivyo."

"Ili Jumatatu barua ya Kiingereza ije iseme tumetoka, na tiketi imeshaliwa?"

"Ningekuwa nipo hapa. Hakuna angesema niliuza mechi nikimbilie nyumbani."

Niliudhika. Nilimwambia, na sijutii, kwamba Auleria hajali nani alisema nini bwenini Muhaisnah, na kwamba kama anataka adhabu atafute siku nyingine ya kujiadhibu. Sauti yangu ilipanda, vijana wawili waliokuwa wanapakia mopu wakageuka.

Ni Rafiq aliyemaliza. "Yalla, Kasian, mbele. Nami nakuja. Madam alipokea neno langu, ni mimi wa kulirudisha." Wakapanda ngazi pamoja. Nilisikia mlango, nilisikia sauti ya madam Angella ikipanda, "Ustadh, yaani hukujua kusoma?", kisha ikashuka. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Waliposhuka, Kasian alikuwa na karatasi ya tiketi mkononi, ileile ya mwanzo. Rafiq alikuwa ameshika simu. Akasimama katikati ya stoo, mbele yetu sote, akabonyeza kitufe cha sauti.

"Jamani, Rafiq hapa. Nimesoma vibaya. Namba za mabao nilizisoma kinyume. Ghazal wameshinda tatu moja, sisi tumetoka. Kosa ni langu, si la gazeti. Kuanzia leo msiniite Ustadh." Nilifikiri amemaliza. "Na jambo moja. Jana nilikuwa nyuma ya goli la Kasian. Ule mpira uligonga kifundo cha beki wetu ukabadilisha njia. Kasian aliruka mwili mzima. Mimi niliona kwa macho yangu. Atakayesema vingine, aje aniambie mimi."

Akaachia kitufe.

Dakika ya themanini na tisa Rafiq alikuwa nje ya uwanja, kwenye basi, anawasha kiyoyozi ili wachezaji wasikute joto. Najua kwa sababu nilikuwa kiti cha mbele, nimempelekea chai. Tulisikia kelele tu.

Grupu likaanza. Walimrukia Rafiq kama kuku wameona mtama. Wakamwita profesa wa kinyumenyume, wakamtumia picha za vitabu vya chekechea vya alifu be te. Mmoja akauliza kama basi nalo huliendesha kwa kurudi nyuma. Juu ya bao hawakusema chochote. Baadaye yule aliyeandika usiku kuhusu ndege ya Jumapili aliandika, "Kasian safari njema. Msalimie mtoto." Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Ajabu ni kwamba walimwamini. Mtu amekiri asubuhi nzima alikuwa anawapotosha, na walimwamini neno la mwisho kwa sababu alikuwa amekiri lile la kwanza.

Rafiq alirudi kwenye usukani. Vijana wakamaliza kupakia. Mimi nikachukua chaki, nikaandika tatu kwa Ghazal, moja kwa Mawj, pointi kumi, na mabao ya Mawj yakawa matatu kwa msimu mzima, jambo ambalo kichwa changu kilikubali bila kuwasha.

Kasian alikuja kusimama kando yangu. Alikuwa ameisikiliza ile sauti mara mbili, simu ikiwa sikioni.

"Ustadh hakuwa nyuma ya goli," akasema.

"Najua."

"Hakukuwa na beki karibu. Mpira haukugonga mtu."

Nilitaka kumuuliza basi ulipitaje, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliiacha namba ikae. Honi ya basi ikalia. Aliikunja tiketi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Nyuma ya goli hakukuwa na mtu, dada Edna," akasema. "Golini nilikuwepo mimi peke yangu, na tangu jana najiuliza kama niliruka."